Gunia moja, mishono miwili: kisa cha picha ya mchele wa IRRI-6

Septemba 2025, saa tano asubuhi, mpwa wangu alinitumia picha kwa WhatsApp. Chini yake aliandika, "Mjomba, mchele huu tuuchukue?" Yeye ndiye mweka hazina wa chama cha wanawake 11 wanaopika wali na pilau za kuuza upande wa Likoni. Hununua mchele kwa pamoja, magunia 20 kwa mkupuo, kisha hugawana. Safari hii muuzaji wa jumla ambaye hawakuwahi kununua kwake aliwatajia shilingi 5,300 kwa gunia la kilo 50, siku ambayo mchele wa daraja hiyo ulikuwa ukienda kwa 6,000. Kwa magunia 20 ni nafuu ya shilingi 14,000. Alitaka jibu kabla ya alasiri kwa sababu, kwa maneno yake, kulikuwa na mteja mwingine mlangoni.

Nimefanya kazi kwenye magodauni ya mchele Mombasa miaka mingi, nikipima na kudunga magunia kwa bambo, kwa hiyo maswali ya namna hii hunifikia mara kwa mara. Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa sababu picha ilikuwa na karibu kila kitu tulichohitaji kujua, ila hakikuwa mahali ambapo mpwa wangu alikuwa akitazama.

Picha ilionyesha magunia sita yaliyopangwa ukutani. La mbele lilisomeka hivi:

```
LONG GRAIN WHITE RICE
IRRI-6   5% BROKEN
DOUBLE POLISHED & SORTEXED
NET WEIGHT 50 KG  GROSS 50.12 KG
CROP 2023
PRODUCT OF PAKISTAN
PROD 11/2023   EXP 11/2026
```

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba maandishi ya gunia hayaandikwi yote siku moja. Jina la mchele, asilimia, uzito na nchi huchapwa kiwandani kunakofumwa magunia, maelfu kwa maelfu, kabla punje moja haijaingia. Mstari wa tarehe, na mara nyingi namba ya fungu, hupigwa baadaye, siku mchele unapojazwa. Ndiyo maana rangi kubwa za mbele hukaa ndani ya uzi wa gunia na huchakaa pamoja nalo, ilhali tarehe hukaa juu juu, nyeusi, mara nyingi imejengwa kwa nukta ndogo ndogo za mashine au kwa muhuri wa mpira. Kwa hiyo maandishi makubwa hukwambia gunia lilitengenezwa kubeba nini. Tarehe hukwambia lilijazwa lini mara ya kwanza. Mchele uliomo leo hauandikwi popote, na hapo ndipo mshono unapoingia. Nitaufikia.

Tuanze na daraja. IRRI-6 ni aina ya mbegu. Herufi hizo zimetoka kwenye jina la taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Los Baños, Ufilipino, na mbegu yenyewe hulimwa sana Sindh, kusini mwa Pakistani. Ni mchele mrefu wa kawaida, hauna harufu ya basmati, wala mtu asidanganywe kwamba ni basmati kwa sababu tu gunia limeandika punje ndefu. Mstari wa kung'arishwa mara mbili na kuchambuliwa kwa mashine ya rangi unahusu sura: punje zimesuguliwa hadi zinateleza, na zile nyeusi au za manjano zimepulizwa nje kwa hewa. Ukiona punje za manjano nyingi kwenye gunia lenye mstari huo, una haki ya kuuliza.

Namba inayobeba bei ni ile 5%. Maana yake, kati ya gramu 100 za mchele huo, zisizozidi gramu 5 ni chenga. Mikataba mingi ya mchele wa Pakistani huhesabu kipande kuwa chenga kikiwa kifupi kuliko robo tatu ya punje nzima, hivyo punje iliyokatika ncha kidogo tu bado ni nzima. Kinu kilekile, mpunga uleule, hutoa mchele wa 5%, wa 15%, wa 25%, hata wa chenga tupu, kulingana na kiasi gani cha chenga kimerudishwa ndani baada ya kuchujwa. Kwa mpishi tofauti hii ni kubwa. Chenga hulainika mapema kuliko punje nzima, kwa hiyo sufuria yenye chenga nyingi hutoa bwabwa chini wakati punje za juu bado zina kiini. Pilau haisameheki hapo.

Sasa tarehe. Mpwa wangu alisoma mwisho wa matumizi kuwa Novemba 2026 na akaona ana zaidi ya mwaka mbele yake. Nilipoikuza picha, mstari ule ulikuwa umepigwa kwa nukta, safi kabisa: nukta za 11, nukta za 2023, nukta za 202. Tarakimu ya mwisho, ile 6, haikuwa na nukta chini. Tumbo lake lilikuwa limefungwa kwa mstari mzito wa wino wa kalamu, na upande wa juu nukta za zamani zilikuwa bado zinachungulia, zikiwa na umbo la 5. Lakini WhatsApp hukandamiza picha na kuzilainisha, na sikutaka kumtuhumu mtu kwa sababu ya ukungu wa simu. Nikamwambia mpwa wangu aombe picha nne mpya: sehemu ya tarehe kwa karibu, mgongo wa gunia, mshono wa juu wa magunia yote sita, na kiganja cha mchele juu ya kitambaa cheusi. Zitumwe kama hati, si kama picha ya kawaida, ili zisikandamizwe. Na kwenye kila picha kuwe na kipande cha karatasi chenye tarehe ya leo kimewekwa juu ya gunia, maana nimeshaona picha moja ikiuza mizigo mitatu tofauti.

Muuzaji alituma tatu. Ya kiganja hakutuma.

Picha ya mgongo ilimaliza swali la tarehe. Mgongoni kulikuwa na mstari uliochapwa na gunia lenyewe:

```
BEST BEFORE 24 MONTHS FROM DATE OF PRODUCTION
```

Kutoka Novemba 2023, miezi 24 inaishia Novemba 2025. Mbele panasema 2026, mgongo unasema 2025, na mgongo haukuandikwa kwa kalamu. Kwa mchele mweupe miezi 24 ni kawaida. Ukiona gunia linadai miezi 36 ilhali mgongo wake unasema 24, usihangaike kutafuta maelezo mazuri.

Hata hivyo lazima niseme jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosea. Kama mchele ule ungekuwa kweli wa Novemba 2023, ukiwa umekaa mahali pakavu, umri wenyewe haukuwa kasoro. Mstari wa mavuno ulisema 2023 na tarehe ya kujazwa ilikuwa Novemba 2023. Mpunga wa Sindh huvunwa sehemu za mwisho za mwaka, kwa hiyo mistari hiyo miwili inakubaliana: ulivunwa, ukakobolewa, ukajazwa. Mchele mkongwe hunywa maji mengi zaidi na punje zake hukaa mbalimbali. Mpishi wa pilau anayejua kazi yake huutaka huo kuliko mpya unaonatana. Sifa ya "mpya" ambayo muuzaji aliitumia mara mbili kwenye ujumbe wake haikuwa hata sifa kwa wateja hawa. Mchele wa zamani hupimwa kwa mambo mengine: una wadudu, una harufu ya gunia bichi, una vumbi jeupe likimwagika chini ya mshono? Vumbi hilo ni kazi ya fukusi, na mara nyingi huonekana kwenye picha kama unga mwembamba kwenye zizi la chini la gunia au sakafuni. Kwenye picha hizi halikuwepo. Wala hakukuwa na madoa ya maji, yale yenye ukingo wa hudhurungi yanayotokana na jasho la kontena. Kwa upande huo mzigo ulionekana salama.

Na hapa msomaji anayenunua unga asichukue hesabu yangu ya mchele akaipeleka kwake. Unga wa mahindi usiotolewa kiini una mafuta ndani yake, na mafuta yale huchacha. Hata ukikaa pakavu huanza uchungu baada ya muda mfupi. Kwa unga, tarehe ni tarehe. Kwa mchele mweupe, tarehe ni ushahidi mmoja kati ya kadhaa.

Ushahidi uliokuwa mzito zaidi ulikuwa mshono. Gunia la nailoni lina mishono miwili. Wa chini hushonwa na mtengeneza magunia, wa juu hushonwa kinuni baada ya kujaza, kwa hiyo uzi wa juu na wa chini kutofautiana rangi si neno. Linganisha mshono wa juu wa gunia hili na mshono wa juu wa jirani zake. Mshono wa kiwandani huenda moja kwa moja kama mstari wa rula, umbali uleule kutoka ukingoni, na tundu za sindano zina mpangilio mmoja tu. Mtu akiufumua, uzi hutoka wote kwa kuvutwa upande mmoja, ni kazi ya sekunde kumi. Tundu ndizo hazitoki. Nailoni iliyofumwa hubaki na alama pale sindano ilipopita.

Kwenye picha ya tatu magunia matano kati ya sita yalikuwa na uzi mweupe unaopanda na kushuka. Chini ya uzi huo, kama upana wa vidole viwili, ulionekana mstari wa pili wa tundu tupu, ulionyooka, umbali sawa kila moja. Kwenye gunia la kwanza kushoto kipande cha uzi wa buluu kilikuwa kimebaki kwenye tundu mbili za pembeni. Gunia la sita, lile la mwisho kulia, lilikuwa na uzi wa buluu mwanzo hadi mwisho na mstari mmoja tu wa tundu. Hilo ndilo lilikuwa bado limefungwa na kinu.

Gunia moja lililoshonwa upya si habari. Magunia hupasuka yakishushwa, wapagazi huyavuta kwa kulabu, na mwenye godauni ana haki ya kufagia mchele wake na kuushona tena. Vilevile tundu mbili tatu ndogo ubavuni huwa ni za bambo. Lakini matano kati ya sita, yote juu, hayakupasuka kwa bahati mbaya. Yalifunguliwa.

Kuhamisha mchele kwenye gunia jingine nako si kosa. Wapo wafungashaji wa Mombasa wanaonunua mzigo, wanauchambua na kuufunga upya. Hao hutumia gunia lenye jina lao, tarehe yao na alama ya ubora ya KEBS yenye namba ya kibali, ambayo mnunuzi anaweza kuihakiki kwa kutuma `SM#` ikifuatwa na namba hiyo kwenda 20023. Mchele uliofungwa upya uvae nguo yake. Huu ulikuwa umevaa ya mwenzake.

Uzito ndio eneo ambalo picha ina mipaka, na nilimwambia mpwa wangu waziwazi. Gunia kuandikwa kilo 50 halisi na 50.12 pamoja na gunia ni kawaida: ule mfuko mtupu una kama gramu 120. Kama kungepungua kilo nane, ningeona mabega ya gunia yamelegea na kitambaa kimejikunja juu kuliko kwa jirani. Lakini pungufu ya kilo moja au mbili haionekani kwa jicho, hata la mpimaji. Mchele hulala upya gunia likilazwa na kusimamishwa, na hiyo pekee hubadilisha umbo kuliko kilo mbili zinavyobadilisha. Kwa hiyo kama picha ya uzito inatakiwa, iwe ya mizani: kwanza ikisoma sifuri bila kitu, kisha na gunia juu, namba na mshono vikionekana kwenye fremu moja. Hiyo nayo muuzaji hakutuma. Alisema mizani imeharibika betri.

Nilimshauri mpwa wangu wasilipe na wasikatae. Waende wawili, wabebe mizani ya jikoni, na wanunue gunia moja tu kwa bei ile ya 5,300, waliopokee kwenye mizani ya mtu mwingine. Chama kilikubali kuhatarisha gunia moja. Walichagua wenyewe, lenye uzi mweupe.

Kwenye mizani ya jirani lilisoma kilo 48.6. Ukitoa mfuko, ni karibu kilo 48 na nusu. Kisha wakachukua mchele sehemu tatu, juu, kati na chini, maana chenga hushuka chini gunia likitikiswa na kiganja cha juu pekee kinapendelea muuzaji. Wakauchanganya kwenye sinia, wakapima gramu 20 kamili, wakaketi na kutenganisha punje moja moja kwenye kitambaa cheusi. Chenga zilipima gramu 4. Wakarudia mara mbili: gramu 5, na gramu 4 tena. Yaani kati ya asilimia 20 na 25. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima si ya maabara, inaweza kukosea nusu gramu huku na huku, lakini hata ukiipendelea vipi haikuleti kwenye 5%. Kwa 5% chenga ingekuwa gramu 1 tu.

Jambo jingine lilijionyesha kwenye sinia bila mizani. Punje nzima zilikuwa za rangi moja, nyeupe ya maziwa kidogo, lakini chenga zilikuwa za aina mbili: nyingine zikilingana nazo, nyingine zenye weupe wa chokaa na tumbo nene. Mchele uliotoka kinu kimoja siku moja hauna chenga za ukoo tofauti. Mtu alichanganya.

Hesabu ndiyo iliyowatuliza akina mama, kwa sababu wengine bado waliona 5,300 ni bei njema hata kwa mchele huo. Shilingi 5,300 kugawanya kwa kilo 48.5 ni kama 109 kwa kilo. Mchele wa 5% kwa 6,000 ni 120 kwa kilo. Lakini siku hiyohiyo, godauni la pili barabara ileile lilikuwa likiuza mchele wa 25%, umeandikwa hivyo kwenye gunia, mshono mmoja, kilo 50 kamili, kwa 5,000. Hiyo ni shilingi 100 kwa kilo. Kwa hiyo ile nafuu ya 700 haikuwepo. Walikuwa wakiongezewa shilingi 9 kila kilo kwa mchele wa daraja ya chini, na kwa magunia 20 ni zaidi ya shilingi 8,700.

Mweka hazina alimpigia muuzaji na kumweleza kwa adabu tundu za mshono na gramu za sinia. Alisema, "Dada, mimi nimeuletewa hivyo hivyo, sijafungua hata moja." Huenda ni kweli. Magunia matupu yenye chapa nzuri huuzwa na hununuliwa, na mzigo hupita mikono mitatu minne kabla ya kufika dukani. Kwa mnunuzi haibadilishi kitu nani aliyeshika sindano. Alichokiri muuzaji bila kuulizwa ni kwamba lile la uzi wa buluu aliliweka ili "picha ipendeze".

Chama kilinunua magunia 17 ya 5% kwa 6,000 kwingine, kila moja likikaguliwa mshono kabla ya kupandishwa kwenye gari. Magunia mawili yalichukuliwa yale ya 25% kwa 5,000, kwa ajili ya wanachama wawili wanaouza vitumbua, ambao mchele huo huloweka na kusaga, na kwao chenga hazina hasara yoyote. Gunia la kilo 48.5 aligawiwa mmoja wao kwa bei ya shilingi 100 kwa kilo, na zilizobaki kama 450 zikaingia kwenye daftari la chama kuwa gharama ya ukaguzi. Mfuko wake mtupu mpwa wangu aliusuuza na kuukata mshono wa juu. Kipande kile chenye safu mbili za tundu sasa kimebandikwa ndani ya jalada la daftari hilo.